Kijana wangu anaogopa noti zangu za mapitio

*Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni sinia katika kampuni ndogo ya wakaguzi wa hesabu hapa mjini. Msimu huu nimepewa vijana wawili: mmoja yuko mwaka wa pili kazini, mwingine alifika Januari na bado anamalizia mitihani ya CPA. Nikipitia karatasi zao za kazi naandika noti nyingi sana, kuna faili ambayo zilipita themanini. Yule wa mwaka wa pili zamani alikuwa mtu wa maswali, siku hizi hasemi kitu. Kila noti anaijibu "Imefanywa, Madam", na nikifungua karatasi sioni kilichobadilika. Nimesikia anatafuta kazi kwingine. Mwishowe nafanya kazi yao mwenyewe usiku kwa sababu patna anataka faili. Nimekuwekea picha ya karatasi moja ya wadaiwa pamoja na noti niliyoiandikia: "Malipo ya baada ya mwaka, kazi haitoshi. Rudia." Jina la mteja nimeliziba. Je, nipunguze noti nisije nikamvunja moyo, au nikaze kamba kwa sababu ukaguzi ni ukaguzi?*

*Madam Sinia, Kisumu*

Dada, tuanze na hiyo karatasi. Idadi ya noti tutaifikia, ila sidhani ndiyo inayomnyamazisha huyo kijana.

Mdaiwa aliyeangukia kwenye sampuli ni duka la agroveti kule Siaya, linalodaiwa na mteja wenu Sh640,000 mwaka wa hesabu ulipofungwa 30 Juni. Barua ya kuthibitisha salio ilitumwa na haikujibiwa. Kijana akageukia njia mbadala, kama inavyotakiwa: akatafuta pesa ambazo duka hilo lililipa baada ya mwaka kufungwa. Akapata Sh330,000 tarehe 14 Julai na Sh325,000 tarehe 9 Agosti. Jumla ni Sh655,000, zaidi ya salio lenyewe. Akaweka tiki, akahitimisha kwamba deni lipo na linalipika.

Kwa mtu wa mwaka wa pili, hiyo si kazi mbaya hata kidogo. Njia aliyochagua ni sahihi, hesabu imejumlishwa sawasawa, hitimisho limeandikwa likaeleweka. Ana kasoro moja kubwa ambayo noti yako haikuitaja. Umemwambia arudie, naye atarudia vipi? Atafungua leja ileile, aone malipo yaleyale mawili, ajumlishe upya na kupata Sh655,000. Kisha ataandika "Imefanywa", na hapo hatakuwa amekudanganya.

Kasoro ni kwamba duka halikuacha kununua baada ya Juni. Kwenye picha yako, chini ya karatasi, kimeonekana kipande cha leja. Salio la Sh640,000 limeundwa na ankara mbili: ya 17 Mei, Sh330,000, na ya 28 Juni, Sh310,000. Halafu kuna ankara nyingine ya 11 Julai, Sh325,000. Sasa yaweke malipo kando ya ankara. Yale ya 14 Julai yanalingana shilingi kwa shilingi na ankara ya Mei, hiyo imelipwa. Yale ya 9 Agosti yanalingana shilingi kwa shilingi na ankara ya 11 Julai, ambayo haikuwepo kabisa mwaka ulipofungwa. Ankara ya 28 Juni imerukwa. Jumla iliyozidi salio ndiyo iliyomfunika macho, na nina hakika ingewafunika wengi.

Mwenye duka anayelipa ankara mpya na kuiacha ya zamani ana sababu yake. Pengine mzigo ulifika ukiwa na kasoro na bado wanavutana, na hapo tatizo ni thamani ya deni. Pengine mzigo ulipelekwa Julai ilhali ankara iliandikwa Juni, na hapo mauzo ya mwaka mmoja yameingizwa katika mwaka mwingine. Pengine haukupelekwa popote, na Sh310,000 hizo ziko kwenye karatasi tu. Hata kalenda ya shamba inauliza swali. Mahindi ya mvua ndefu huku kwetu hupandwa Machi, kwa hivyo mwishoni mwa Juni mkulima wa Siaya anangoja kuvuna, hanunui mbolea ya kupandia. Duka linalojaza bohari siku mbili kabla mwaka wa muuzaji kufungwa huenda lina sababu nzuri, labda dawa za wadudu, labda limepewa bei ya chini mapema kwa ajili ya mvua fupi. Huo si ushahidi wa kosa, ni sababu ya kuisoma ankara hiyo imeuza nini. Na ukweli ni kwamba kijana aliyekulia Siaya au Busia anaujua msimu huo kuliko patna wako. Hajaambiwa tu kwamba ujuzi huo una nafasi kwenye karatasi ya kazi.

Basi noti ingesomeka hivi: "Njia uliyotumia ni sawa. Duka liliendelea kununua baada ya 30 Juni. Tunajuaje kwamba malipo ya 9 Agosti yanalipa ankara ya 28 Juni na si ya Julai? Oanisha kila malipo na ankara yake, ukianzia kwenye stetimenti ya benki, si leja. Ukikuta ankara ya Juni haijalipwa, niandikie ni hati gani nyingine ingetuonyesha kwamba mzigo ulifika kabla ya mwaka kufungwa."

Angalia kilichomo. Kuna jambo moja lililofanywa vizuri, nalo limetajwa kwa jina. Maneno matupu kama "kazi nzuri" mtu wa ofisini anayajua ni ya adabu tu, hayambebi popote. Kuna swali linaloonyesha pengo kati ya ushahidi alionao na hitimisho aliloandika. Kuna kitendo anachoweza kukianza asubuhi bila kukuuliza tena. Na sehemu ya mwisho umemwachia afikirie mwenyewe. Hukumwambia "tafuta hati ya delivari yenye sahihi na tarehe", ingawa ndiyo unayoitaka. Huyu wa mwaka wa pili ataifikia. Yule aliyekuja Januari mwandikie hati kwa jina, umwambie na mahali inapokaa, kwa kawaida kwenye mafaili ya bohari na si kwa mhasibu, kisha umwulize ataangalia nini juu yake akiipata. Swali lililo wazi mno kwa mtu asiyejua hati zinavyotembea humpeleka kwenye simu yake kutafuta majibu ya kubahatisha.

Hilo la kuanzia benki lisikupite. Leja imeandikwa na mteja wenyewe, na karani aliyepokea pesa bila maelezo huzibandika popote salio linapokubali. Stetimenti ya benki imetoka nje ya mikono yao. Ikiwa duka lililipa kwa Lipa na M-Pesa, benki itaonyesha fungu moja kubwa lililohamishwa kutoka kwenye akaunti ya M-Pesa, lenye malipo ya maduka mengi ndani yake. Hapo kijana lazima apite kwenye stetimenti ya M-Pesa kwanza, amwone mlipaji na kumbukumbu aliyoandika, ndipo afuate fungu hadi benki. Nimeona wakaguzi wakitiki hilo fungu kana kwamba ni malipo ya mdaiwa mmoja kwa sababu tarehe zimekaribiana.

Kama anataka kujua kwa nini unamsumbua, mfungulie ISA 505. Kwa wadaiwa wasiojibu, mwongozo wake unataja malipo mahususi yaliyofuata, hati za kupeleka mzigo, na mauzo ya karibu na mwisho wa mwaka. Duka lenu la Siaya linahitaji yote matatu, na kijana aliishia kwenye nusu ya la kwanza. Mwonyeshe kwenye ukurasa wenyewe, asione ni ukali wa Madam.

Kabla hata hujaandika noti kama hii, keti naye robo saa. Usianze na kasoro. Mwambie: "Chukua mimi ndiye mwenye duka la Siaya. Leo ni tarehe 9 Agosti, nimekuja kulipa Sh325,000. Ninalipia nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kwako, maana jibu unalo mdomoni na saa inakwenda. Mwache apitishe kidole kwenye leja. Atafika kwenye 11 Julai, aseme, "Madam, hii ni ya Julai." Muulize ya Juni imekwenda wapi, basi. Ukishamwona anavuta faili la ankara mwenyewe, ondoka. Noti andika baadaye, iwe fupi, kama kumbukumbu ya mlichokubaliana, na mtu anayepokea noti ya jambo aliloligundua mwenyewe haioni kuwa hukumu.

Nikirudi kwenye zile themanini. Nakuomba uchukue faili hilo uzisome noti zako upya, na kila noti uiulize swali moja: ikijibiwa, hitimisho la karatasi linaweza kubadilika? Nitashangaa zikifika ishirini zitakazopita. Nyingine zitakuwa za ushahidi uliopo ila haujawekwa, kwa mfano tiki isiyo na maelezo au jumla isiyopelekwa kwenye taarifa kuu. Hizo ni halali, zinahitajika, lakini ni za mstari mmoja. Zitakazobaki ni za rangi ya seli za Excel, herufi kubwa na ndogo, "mdaiwa" badala ya "mteja", na sentensi ambayo wewe ungeiandika kwa namna nyingine. Hizo za mwisho hazistahili kuwa noti. Zile zinazojirudia, mwambie kwa mdomo mara moja, umpe karatasi moja iliyopangwa vizuri aige. Za mtindo wako mwenyewe, ziache. Ubaya wa kuzichanganya zote ni kwamba kijana anaziona zina uzito sawa. Anaanza na zilizo rahisi, anabadilisha rangi, anarekebisha herufi, saa kumi na moja jioni amefuta hamsini na anahisi amefanya kazi, huku ankara ya 28 Juni ikiwa palepale.

Kwa hivyo swali lako la kupunguza au kukaza, mimi sioni kama ni mambo mawili. Noti za ankara ya Juni usizipunguze hata moja. Nzito ziweke juu, ziandike kwa ukamilifu, hata zikichukua nusu ukurasa.

Jambo la usiku sasa, na hapa sitakubembeleza. Karatasi unayoifanya saa tano usiku ina jina la nani kama mwandaaji? Ikiwa imebaki na herufi za kijana, na zako ziko pale pa mhakiki, faili linasema uongo. ISA 230 inataka ionekane nani alifanya kazi na aliimaliza lini, na nani aliipitia na lini. Ukifanya kazi, wewe ndiye mwandaaji, na meneja ndiye wa kuipitia. Huwezi kuwa jicho la pili juu ya kazi yako mwenyewe. Kuna nyakati lazima uifanye, siku mbili kabla ya ripoti kutiwa sahihi si wakati wa kumfundisha mtu. Ifanye, weka herufi zako na tarehe ya kweli, mpelekee meneja, halafu baada ya msukosuko mwonyeshe kijana ulichofanya na kwa nini. Akiikuta asubuhi imebadilika bila neno, anajifunza kwamba juhudi yake haina maana kwa kuwa mwishowe Madam atamaliza.

Usiku wako mwingi, lakini, unatokana na wakati unaopitia. Nahisi mnarudi ofisini na faili zima, ndipo unaketi nalo. Ankara ya Juni ikionekana ukiwa ofisini Kisumu, hati ya delivari iko kwenye bohari la mteja, mhasibu wake ameshafunga mlango wa wakaguzi moyoni mwake, na mtu wa bohari yuko likizo. Karatasi hiyohiyo ingepitiwa mkiwa bado kwa mteja, ni kuvuka uwanja tu. Vijana wakianza eneo jipya, waambie wafanye wadaiwa watatu wa kwanza kisha wakuite. Watatu wanatosha kuonyesha kama njia imeeleweka. Ikiwa wanaishia kwenye leja, utalijua wakiwa wamefanya watatu badala ya ishirini na tano, na kosa lililorekebishwa likiwa bado dogo halimuumizi mtu. Msimamie kabla ya sampuli, umweleze tunatafuta nini kwenye wadaiwa wa mteja huyu: kwamba meneja wa mauzo analipwa kamisheni kwa mauzo ya mwaka, kama ndivyo ilivyo, na kwamba wiki ya mwisho ya Juni inahitaji jicho. Kijana aliyeambiwa hilo asubuhi angeiona ankara ya 28 Juni mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Asiyeambiwa anaona orodha ya namba za kutiki.

Kuhusu "Imefanywa, Madam": usilipokee tena, na usilikatae kwa hasira. Weka utaratibu kwamba jibu la noti linasema kilichofanyika, kilichopatikana, na kiko wapi ndani ya faili. Kwa mfano: "Nimeoanisha malipo na ankara. Ya 28 Juni haijalipwa hadi leo. Hati ya delivari imesainiwa 6 Julai. Tazama karatasi ya wadaiwa, mstari wa 14, na nakala iliyoambatishwa." Sasa mna jambo. Na hakikisha maelezo hayo yameandikwa kwenye karatasi yenyewe, si kwenye jibu la noti peke yake, kwa sababu noti huondolewa faili likishafungwa na kinachobaki ni karatasi. Mkaguzi mzoefu ambaye hajawahi kumwona mteja huyo lazima aweze kuisoma na kuelewa mlichofanya na mlichopata bila kumpigia kijana simu. Maelezo ya mdomo, hata yawe mazuri namna gani, hayasimami peke yake kama ushahidi wa kazi. Noti afunge mhakiki, si mwandaaji. Ni jambo dogo linalozuia mengi.

Hati ikiwa kweli imesainiwa Julai, usimwachie kijana mzigo wa kinachofuata. Sh310,000 kwenye mdaiwa mmoja wa sampuli haziishii hapo, hata kama ziko chini ya kiwango chenu cha umuhimu. Kosa la sampuli hukadiriwa kwa wadaiwa wote ambao sampuli iliwawakilisha, na ankara nyingine za siku za mwisho za Juni lazima zifunguliwe zote pamoja na hati zake, kisha suala limfikie meneja. Mchukue kijana kwenye kikao hicho. Mpe nafasi aeleze mwenyewe alichopata. Kama kuna kitu kitakachomfanya afikirie upya kuondoka, mimi ningeweka dau langu hapo, kuliko kwenye soda za Ijumaa.

Lipo jambo moja ambalo si la kufundishana polepole. Mtu anayeogopa noti wakati mwingine huanza kutiki hati ambazo hakuziona. Dalili zake unaweza kuzinusa: tiki za aina moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna hata hati moja iliyokosekana kwa mteja ambaye mafaili yake wote tunajua yalivyo, au hitimisho lenye tarehe ya mwaka jana ambayo haikubadilishwa. Chagua mistari mitatu, mwombe akuonyeshe hati zenyewe. Asiye na hatia atakwenda kuzileta akinung'unika kidogo. Ukigundua hazikuwahi kuonekana, acha kalamu. Hiyo haiandikiwi noti, inapelekwa kwa meneja na patna siku hiyohiyo, na kazi yake yote kwenye faili hilo inafanywa upya na mtu mwingine. Sioni dalili hiyo kwenye karatasi uliyoniletea, namba zake ni za kweli na pungufu. Nakutajia kwa sababu "Imefanywa" isiyo na kitu ndani yake ni hatua moja tu kabla ya hapo, na afadhali umwahi.

Utajuaje kama unamsaidia? Usihesabu noti zikipungua, zinaweza kupungua kwa sababu umechoka kusoma. Tazama mteja anayefuata. Ukifungua karatasi ya wadaiwa ukakuta ameweka safu ya ziada, "ankara inayolipwa", bila kuambiwa, hilo limeingia. Ukikuta amekuachia swali lake mwenyewe kwenye karatasi, "Madam, huyu amelipa nusu, sijapata sababu", basi amerudi kuwa mtu wa maswali, na hilo lijibu siku hiyohiyo hata kama una faili lingine mkononi. Na kosa lilelile likijirudia kwenye mteja wa tatu baada ya kukaa naye na kuandikiana, hapo mazungumzo yabadilike. Mwambie waziwazi, mkiwa wawili, kwamba hili tumelishughulikia na sasa linamhusu yeye. Upole wa kulinyamazia ungemfikisha kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka akiwa hajui kitu.

Patna naye mweleze kwa lugha anayoielewa, yaani tarehe. Mapitio lazima yawe yamekwisha kufikia tarehe ya ripoti. Zile siku 60 ambazo ISA 230 inazitaja baada ya ripoti ni za kupanga faili: kuondoa rasimu, kuweka marejeo, kukusanya karatasi. Si za kwenda kutafuta hati ya delivari ambayo ilitakiwa kuonekana kabla ya sahihi. Kwa hivyo akikubania bajeti ya siku moja ya ziada kwa mteja, mwonyeshe karatasi ya duka la Siaya na umuulize angependa kuiona ankara hiyo mwezi gani. Nenda nayo ikiwa imechapishwa, ankara ya 28 Juni umeizungushia kalamu, na kijana awe amekaa kando yako.